Mtoto Mdogo Apelekwapo Kupasuliwa: Aambiwe Nini, na Lini?

Kuna mama mmoja wa Vingunguti, Dar es Salaam, ambaye alimpeleka mtoto wake hospitali mara mbili kwa kazi moja. Mara ya kwanza kila kitu kiliharibika, na mtoto akarudishwa nyumbani bila ya kutibiwa. Mara ya pili mambo yalikwenda vizuri. Daktari alikuwa yule yule, na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni namna mtoto alivyotayarishwa. Mama huyo ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake, ila ameomba tusitaje jina, nasi tumemkubalia.

Mtoto wenyewe ni mvulana wa miaka miwili na miezi minne. Tangu alipokuwa mchanga, alipolia sana au alipokohoa, palitokea uvimbe kinenani upande wa kuume, mkubwa kama yai la njiwa. Akinyamaza na kulala uvimbe ulirudi ndani wenyewe. Bibi yake alisema ni mshipa, utapona akikua. Daktari alisema ni ngiri ya kinena, nayo haiponi yenyewe.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili huwachanganya wengi. Iko ngiri ya kitovu, ambayo kitovu cha mtoto hutokeza nje kama kidole. Hiyo mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka minne au mitano, na kumfunga sarafu tumboni hakuiharakishi hata kidogo. Lakini ngiri ya kinena ni nyingine. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mamaye, kende zake hushuka kutoka tumboni kwa njia ndogo, kisha njia hiyo huziba. Kwa watoto wengine haizibi, na utumbo hupata nafasi ya kuteleza humo. Njia hiyo hufungwa na mpasuaji tu. Hatari yake ni utumbo kunasa. Ukiona uvimbe umekuwa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia kwa maumivu na kutapika, usingoje asubuhi wala siku ya kliniki. Mpeleke saa ile ile, hata kama ni usiku.

Mtoto wetu hakufikia hapo. Daktari alimpangia siku ya kupasuliwa, akamweleza mama kwamba ni kazi fupi: mtoto hupewa dawa ya usingizi, hukatwa mahali padogo kwenye mkunjo wa kinena, njia ile hufungwa kwa uzi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Safari ya kwanza

Mama alifikiri hivi: mtoto wa miaka miwili hajui kitu, kumwambia ni kumtisha bure. Basi asubuhi ile alimvika nguo za Jumapili akamwambia, "Leo twaenda kwa shangazi Buguruni." Mtoto akafurahi sana. Alipanda bajaji akiimba.

Huko hospitali aliona watu wa makoti meupe, akasikia mtoto mwingine akilia nyuma ya mlango. Hapo akajua. Alijitupa chini, akampiga mama yake, akamwuma mkono mwuguzi. Watu wanne wakamshika juu ya kitanda ili atolewe damu. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Nyamaza, hakuna sindano," huku sindano iko mkononi mwake. Kisha mama alipoulizwa kama mtoto amekula, ikajulikana kuwa bibi, kwa huruma, alimpa nusu andazi alfajiri. Operesheni ikaahirishwa wiki mbili.

Hasara ya siku ile haikuwa nauli tu. Kwa siku kumi mtoto hakukubali kupanda bajaji. Akiambiwa, "Twende kwa shangazi," alijificha chini ya kitanda. Usiku aliamka akilia. Mama akiondoka kwenda kuteka maji, alimfuata akiwa ameshika khanga yake.

Jirani yao ni bibi mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi katika wodi za watoto miaka mingi, sasa amestaafu. Alipoyasikia hayo alimwambia mama, "Mwanangu, hukumficha jambo. Umemfundisha tu kwamba neno la mama haliaminiki." Ni neno kali, lakini mama alilipokea, na wakaanza upya.

Mtoto wa umri huu anajua nini?

Bibi yule alianza kwa kumweleza jinsi mtoto anavyokua, kwa maana kila umri una hofu yake, na kinachomsaidia wa umri mmoja hakimfai wa umri mwingine.

Mtoto mchanga, mpaka kama miezi sita, anataka mwili wa mama: joto lake, harufu yake, ziwa lake. Huyo huhitaji kupakatwa, wala hakuna la kumwambia. Akinyonyeshwa wakati anapochomwa chanjo, hulia kidogo kuliko akilazwa mezani.

Ikifika miezi saba au minane mambo hubadilika. Sasa mtoto anamjua mama yake mbali na watu wengine, na anajua kwamba mama akiondoka machoni bado yupo mahali fulani. Kwa hiyo humlilia. Akina mama wengi hufikiri mtoto ameharibika tabia kwa kuwa anamlilia mgeni, na kumbe amepata akili mpya. Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda akizitembelea nyumba 26 katika vijiji karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto humfanya mama yake kuwa kama kituo: huenda mbali kidogo, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huenda tena. Mama akiwapo, mtoto ana ushujaa wa kuchungulia dunia. Akiondoka, ushujaa huo nao huondoka. Aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na leo waalimu wa elimu ya watoto huyasoma duniani kote. Yalianzia hapa kwetu, mikekani mwa akina mama wa Kiganda.

Kati ya mwaka mmoja na mitatu ndipo alipo mtoto wetu. Huyu anatembea, ana nia yake, na neno alipendalo ni "sitaki." Anasema maneno machache, pengine mawili mawili tu, "mama maji," "baba kaenda," lakini anaelewa mengi kuliko ayasemayo. Hilo ndilo wazazi husahau. Wanazungumza juu yake mbele yake kama kwamba ni gunia la mkaa.

Wakati haujui. "Kesho" na "Alhamisi" kwake ni sauti tu. Ukimwambia Jumatatu jambo la Alhamisi, atangoja Jumatatu ile ile, tena atangoja kila saa. Sababu nazo hazijui. Ukimwambia, "Ni kwa faida yako," umesema na ukuta. Na akiumizwa hudhani ameadhibiwa, kwa kuwa katika maisha yake mafupi maumivu mengi yaliyotoka mkononi mwa mtu mzima yalikuwa ni adhabu.

Baada ya miaka mitatu mpaka mitano mtoto huanza kuuliza "kwa nini," na akipewa maelezo mafupi siku mbili tatu kabla, huyashika. Lakini huyo naye ana hofu yake: hudhani mawazo yake yanaweza kuleta mambo. Dada wa mtoto wetu ana miaka mitano. Siku moja alimwuliza mama kwa sauti ndogo kama ngiri ya mdogo wake ilitokea kwa sababu yeye alimsukuma wakaanguka. Miezi yote ile alikuwa amebeba dhambi isiyo yake, wala hakuna aliyejua. Kama una mtoto wa umri huo nyumbani, mwambie waziwazi kwamba ugonjwa wa ndugu yake haukuletwa na mtu.

Mwenye miaka sita au saba kwenda juu, huyo aambiwe wiki moja kabla, apewe na sababu. Lakini turudi kwa mdogo.

Maneno ya kuchagua

Jambo la kwanza bibi alilolitazama ni maneno yetu wenyewe. Tunasema "kuchoma sindano." Kwa mtu mzima si kitu. Lakini mtoto wa miaka miwili amekwisha ambiwa mara mia, "Usiguse jiko, litakuchoma!" Analijua neno hilo kwa moto. Basi tukimwambia atachomwa, yeye aona mkaa mwekundu. Bibi alimfundisha mama kusema, "Sindano itauma kidogo, kama ukibanwa, halafu itakwisha," na akasema hivyo huku akimfinya taratibu mkononi ili ajue kiasi chake.

Neno la pili lilikuwa zito zaidi kwa Vingunguti. Mtaa huo una machinjio makubwa ya jiji, na watoto wa pale huona mbuzi na ng'ombe wakipitishwa kila siku. Baba wa mtoto huyu mwenyewe hufanya kazi huko. Mtoto anajua kisu ni nini, anajua na mnyama aliyelazwa chini hufanywa nini. Katika nyumba kama hiyo, watu wazima walikuwa wakisema mbele yake, "Atakatwa Alhamisi," "Wampasue waone." Bibi alikataza maneno hayo mpaka uani. Alisema, "Mwambieni daktari atatengeneza mahali panapovimba." Ni kweli, wala hakuna kisu ndani yake.

Na neno la tatu ni "kulala." Kwa mtoto wa miaka miwili neno hili halina ubaya. Lakini kwa mkubwa kidogo aliyezikiwa babu na kusikia watu wakisema amelala, kuambiwa kwamba daktari atakulaza kunaweza kumtia hofu kubwa. Kwa hiyo bibi aliongeza kila mara kipande cha mwisho: "Utalala, kisha utaamka, na mama atakuwapo." Kipande cha kuamka kisiachwe kamwe.

Liko na jambo ambalo sisi sote tuna kosa ndani yake. Ni nani kati yetu hajamwambia mtoto mkaidi, "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano"? Tumemfanya daktari kuwa zimwi la nyumbani, kisha siku moja tunamtaka mtoto akae kwa upole mbele ya zimwi hilo. Mama yule alikiri kwamba alilisema kila juma. Aliacha siku ile, akamwomba na bibi wa nyumbani aache.

Mwanasesere wa matambara

Siku tatu kabla, bila ya kutaja hospitali, walianza mchezo. Bibi alishona mwanasesere kwa matambara ya khanga kuukuu, akamfunga kitambaa cheupe kinenani. Akaleta kikombe cha plastiki alichokikata kitako, kikawa wazi pande zote mbili. Kikombe hicho kiliwekwa juu ya pua ya mwanasesere, kisha juu ya pua ya mama, kisha ya dada. Mwisho mtoto alikitaka mwenyewe.

Sababu ya kikombe ni hii. Watoto wengi wadogo hupewa dawa ya usingizi kwa hewa, kwa kuwekewa kifuniko juu ya pua na mdomo, na kitu hicho kuwekwa usoni na mtu usiyemjua hutisha kuliko sindano. Mtoto wa miaka miwili hawezi kutii akiambiwa, "Vuta pumzi." Hajui afanye nini. Lakini anajua kupuliza uji wa moto. Basi walicheza kupuliza: "Puliza uji, puliza!" Akipuliza kwa nguvu, lazima baadaye avute, na hapo dawa huingia yenyewe.

Mchezo ulikuwa wa muda mfupi, kama kiasi cha kuchemsha chai, mara mbili kwa siku. Alipochoka waliacha. Mtoto alimtupa mwanasesere mara moja na kumpiga. Mama alitaka kumkanya, bibi akamwambia amwache, kwa kuwa mtoto huyasema kwa mikono yale asiyoweza kuyasema kwa mdomo.

Habari yenyewe aliambiwa jioni ya mwisho, baada ya kuoga, kwa maneno machache: "Kesho twaenda hospitali. Daktari atatengeneza hapa panapovimba. Utapuliza kikombe, utalala, utaamka, mama yupo." Alisema, "Sitaki." Mama akajibu, "Najua hutaki. Mama atakuwapo." Hakubishana naye. Asubuhi aliambiwa tena maneno yale yale.

Sala nayo ilifikiriwa. Jirani wa jumuiya walitaka kuja usiku ule kumwombea mtoto wakiwa wamemzunguka. Mama aliwashukuru, akawaomba wasali majumbani mwao. Mtoto akiona watu wazima kumi wamemwekea mikono na mmoja anafuta machozi, atajua kuna jambo la kutisha. Nyumbani walisali Salamu Maria ile ile ya kila usiku, wakafanya ishara ya msalaba kama kawaida. Mtoto wa umri huo hutulizwa na lile alijualo.

Juu ya chakula

Hapa hapana huruma ya bibi. Mtu akipewa dawa ya usingizi, koo lake hulala pia. Kama tumboni mna chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hilo huua. Ndiyo maana operesheni ya kwanza iliahirishwa. Daktari aliyeahirisha alifanya haki, na mama aliyesema kweli juu ya andazi alimwokoa mtoto wake na hatari kubwa.

Kanuni itumikayo sana ni hii: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe visimame saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne kabla, maji matupu saa mbili kabla. Kama kazi itaanza saa 2 asubuhi, basi uji mwisho ni saa 8 usiku, ziwa mwisho ni saa 10 alfajiri, na maji mwisho ni saa 12 asubuhi. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi. Hospitali nyingine hupanga saa zake, nanyi fuateni mlizoambiwa. Lakini msimnyime maji tangu jana yake kwa kudhani mnazidisha usalama. Mtoto mdogo akikauka huwa mgonjwa zaidi, na hulia kwa kiu, si kwa ukaidi.

Mama alimlisha mtoto wali na samaki jioni, akachelewa kumlaza, na saa 12 alimpa kikombe cha maji. Mandazi yote ya nyumba yalifichwa kwa jirani. Dada naye hakula mbele yake.

Siku yenyewe

Mtoto alikwenda na vitu viwili: mwanasesere, na kipande cha khanga ambayo mama alilala nayo usiku mzima bila ya kuifua. Harufu ile ni ya mama, na kwa mtoto mdogo harufu ni nusu ya mama mwenyewe.

Palikuwa na kupimwa damu kwanza. Safari hii mama alimwomba mwuguzi ampakate mwenyewe, naye akakubali. Alimketisha mapajani kifua kwa kifua, miguu ya mtoto ikiwa pande mbili za kiuno chake, mkono mmoja wa mtoto ukapita chini ya kwapa la mama, na mwingine ukanyoshwa juu ya meza. Mama alimkumbatia kwa nguvu. Kwa namna hiyo mtoto ameshikwa barabara, wala hajioni amekamatwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri juu ya kupunguza maumivu ya chanjo, likasema watoto chini ya miaka mitatu washikwe na mzazi wakati wa sindano, na kama chanjo ni zaidi ya moja, ile iumayo zaidi iwe ya mwisho. Basi hata katika zahanati ya kijijini, siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa au ya miezi kumi na minane, mama anaweza kuomba jambo hili. Halihitaji fedha wala chombo.

Mwuguzi alimwuliza mtoto, "Mkono huu, au huu?" Akatoa wa kushoto. Swali hilo ni zuri kwa sababu majibu yote mawili yanakubalika. Wengine huuliza, "Nikuchome?" Mtoto hujibu, "Hapana," kisha huchomwa, na hapo amejifunza kwamba kuulizwa ni uongo. Asiulizwe lile asiloweza kulikataa.

Alilia sindano ilipoingia. Mama akamwambia, "Inauma. Inakwisha. Imekwisha." Hakumwambia kwamba mwanamume halii. Kilio si alama ya kwamba maandalizi yameshindwa. Mtoto aliyeandaliwa vizuri hulia pia, ila hunyamaza mapema, na hamkimbii tena mwuguzi huyo.

Hospitali nyingine humruhusu mama kuingia mpaka mtoto asinzie, nyingine humsimamisha mlangoni. Ulizeni siku ile mnapopangiwa, msije mkamwahidi mtoto jambo lisilowezekana. Mama wetu aliambiwa ataishia mlangoni. Basi alimwonyesha mtoto benchi, akakaa juu yake, akasema, "Mama anakaa hapa. Ukiamka, mama yupo." Mtoto akachukuliwa na mwuguzi wa nguo za kijani, pamoja na mwanasesere. Alilia mlango ulipofungwa. Mwuguzi alimweleza mama baadaye kwamba kifuniko kilipoletwa, mtoto alianza kupuliza kabla hajaambiwa.

Wengine hutoroka mtoto akiwa anatazama kwingine, ili wasione machozi. Msifanye hivyo. Mtoto akigeuka na kukuta mama ametoweka, hataacha kuwaza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote. Afadhali kilio cha kuagana.

Kisa cha Ulaya

Nchi za Ulaya zilijifunza jambo hili kwa shida. Zamani hospitali zao hazikuruhusu wazazi kukaa na watoto. Waliwaona kwa muda mfupi tu, na pengine hawakuwaona kabisa. Waganga walisema watoto "huzoea," kwa kuwa baada ya siku mbili tatu hunyamaza. Mwaka 1952 James Robertson wa London alipiga filamu ya msichana mmoja aitwaye Laura, mwenye miaka miwili na miezi mitano, aliyelazwa siku nane ili atengenezwe ngiri ya kitovu. Filamu yaonyesha mtoto akizuia machozi, ameshika dubu wake wa kitambaa, akimwulizia mama, na siku zilivyopita akaanza kumgeuzia mama uso anapokuja. Robertson alisema ukimya ule ulikuwa kukata tamaa. Waganga wengi walikasirika. Lakini mwaka 1959 kamati ya Serikali ya Uingereza, chini ya Sir Harry Platt, ilishauri wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

Kwetu mama kulala na mtoto wodini ni desturi, hata kama ni chini kwenye mkeka. Tusiione kuwa ni umaskini. Lakini kuwapo kwa mwili peke yake hakutoshi, kama safari ya kwanza ya mama wetu ilivyoonyesha.

Baada ya kuamka

Mama alikuwa benchini wakati alipoitwa. Alikuwa na njaa, na aliona mchuuzi wa chai nje, lakini hakwenda.

Mtoto aliamka akipiga kelele, akijitupa huku na huku, macho wazi bila ya kumtambua mama. Jambo hili huwashtua wazazi wengi, nalo ni la kawaida kwa watoto wa umri huu watokapo katika dawa ya usingizi. Kwa kawaida hupita katika nusu saa. Mama alimfunika ile khanga, akamsemesha polepole, asimtikise. Baadaye akasema, "Maji." Akapewa kidogo kidogo.

Walirudi nyumbani jioni wakiwa na dawa ya maumivu ya kupimwa kwa uzito wa mtoto. Dawa ya mtoto wa jirani haitoshi kuwa kipimo. Waliambiwa wampe kwa saa zake siku za kwanza, bila ya kungoja alie, na warudi upesi wakiona homa, usaha, wekundu unaoenea au uvimbe unaozidi.

Siku zilizofuata alirudi nyuma kidogo. Alikojoa kitandani, naye alikwisha acha. Alitaka kulishwa. Alimwonea mama wivu. Bibi mwuguzi alikuwa amekwisha waonya kwamba watoto wengi hufanya hivyo kwa wiki moja au mbili, na kwamba kumchapa au kumcheka hurefusha mambo. Kama yangezidi mwezi, au kama angekataa kula na kucheza, hapo ingefaa kumwambia daktari. Hayakuzidi. Wiki ya pili alipanda bajaji bila kelele, na safari hiyo kweli ilikuwa ya kwa shangazi Buguruni.

Nilipofika kwao alikuwa uani na dada yake. Mwanasesere amelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe puani. Dada alitaka kumwondoa mwanasesere aketi yeye, kaka akamzuia kwa mkono, akamwonyesha kigoda kilichokuwa karibu na mlango. "Mama kaa hapa," akamwambia, kisha akaendelea na kazi yake.